Daftari la Mkaza Mjomba: Maji ya Tumboni, Damu, na Yanayopaswa Kutazamwa Nyumbani kwa Mgonjwa wa Ini

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya familia zinazouguza wagonjwa nyumbani



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi, nasi majumbani aghalabu huuita ini kusinyaa au ini kukauka. Sikuja kwenu kama daktari. Kazi yangu katika Mamlaka ni kuandika maelezo ya dawa kwa lugha ambayo mnunuzi ataielewa, na nilichosomea chuoni ni famasia. Hata hivyo, sehemu kubwa ya nitakayoyasema sikuyapata darasani. Niliyapata nyumbani kwa mjomba wangu, mkoani Morogoro, ndani ya daftari la shule ambalo mkaza mjomba alikuwa akiliandika kila asubuhi. Daftari lenyewe ninalo hapa. Familia imeniruhusu nilisome mbele yenu, kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu.

Kabla ya kulifungua, tuelewane kwanza kuhusu kinachotokea ndani ya mwili. Damu yote inayotoka tumboni, kwenye matumbo na kwenye bandama hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini. Ini lenye afya ni laini, na damu hupenya ndani yake bila kusukumwa sana. Ini likiumizwa kwa miaka mingi, iwe kwa virusi vya homa ya ini aina ya B au C, iwe kwa pombe, iwe kwa mafuta yaliyojikusanya ndani yake, hujijaza makovu. Kovu halipitishi damu kama nyama laini inavyopitisha. Hapo presha hupanda, lakini ndani ya mshipa ule peke yake; presha inayopimwa mkononi huenda ikawa ya kawaida, au hata ya chini.

Kutokana na presha hiyo huzaliwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba damu, ikikuta barabara kuu imeziba, hutafuta vichochoro. Vichochoro hivyo ni vimishipa vidogo vilivyopo sehemu ya chini ya umio, yaani njia ya chakula, na sehemu ya juu ya tumbo. Vimishipa hivyo havikuumbwa kubeba damu nyingi, kwa hiyo huvimba, kuta zake huwa nyembamba, na siku moja kimojawapo kinaweza kupasuka. La pili ni kwamba majimaji huchuruzika kutoka kwenye ini na mishipa yake na kujaa ndani ya tumbo. Figo nazo hudanganyika: huhisi kana kwamba mwili umepungukiwa na damu, basi hushikilia chumvi kwa nguvu zote, na penye chumvi maji hufuata. Naomba mlikumbuke hili la figo na chumvi, maana tutalirudia.

Sasa daftari. Mjomba alikuwa na umri wa miaka 54 alipolazwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B bila kujua, na pombe alikuwa akinywa. Hatukulificha hilo hospitalini na hakuna faida ya kulificha. Tumbo lilikuwa limejaa hata hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Walimtoa lita 6 za maji kwa sindano, wakampima, na akaruhusiwa akiwa na uzito wa kilo 58. Alipewa dawa mbili za kutoa maji mwilini, spironolaktoni miligramu 100 na furosemidi miligramu 40, zote asubuhi. Alipewa pia propranololi miligramu 20 mara mbili kwa siku, ambayo hupunguza presha katika ule mshipa wa ini. Muuguzi mmoja wa wodi, mama wa makamo, ndiye aliyemwambia mkaza mjomba: "Dada yangu, nunua mizani na daftari. Mpime kila asubuhi akishakojoa na kabla ya chai, akiwa na nguo ileile."

Daftari linaanza hivi. Siku ya kwanza nyumbani, kilo 58. Siku ya nne, kilo 58. Siku ya nane, kilo 58 na nusu. Siku ya tisa kuna maneno yaliyoandikwa pembeni: "Goti linamuuma. Amepata vidonge dukani." Siku ya kumi na moja, kilo 59 na nusu. Siku ya kumi na tatu, kilo 61. Siku ya kumi na nne, kilo 62, na pembeni mkono uleule umeandika kwa furaha: "Ameanza kunawiri."

Nataka tusimame hapo kidogo. Kuanzia siku ya nane hadi ya kumi na nne uzito uliongezeka kilo 3 na nusu. Hakuna binadamu anayeota kilo 3 na nusu za nyama kwa siku sita, sembuse mgonjwa anayekula ugali nusu sahani. Kilo moja ya maji ni lita moja. Zile zilikuwa takriban lita 3 na nusu zilizorudi tumboni na miguuni, na mizani ilizisema kila siku kwa uaminifu. Sisi tuliokuwa tukipiga simu kumjulia hali tulikuwa tukimpongeza. Wakati huohuo mikono yake na mashavu yalikuwa yakikonda. Hiyo ndiyo sura ya mgonjwa wa ini anayejaa maji: tumbo linakua, mabega yanaisha.

Na vile vidonge vya goti? Vilikuwa diklofenaki, miligramu 50 mara tatu kwa siku. Muuzaji aliulizwa dawa ya goti, akatoa dawa ya goti. Hakuuliza mgonjwa ana ugonjwa gani mwingine, na aliyetumwa, kijana wa miaka kumi na mitatu, hakujua kwamba palikuwa na jambo la kusema. Diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao wa kundi hilo la dawa za maumivu hufanya mambo matatu kwa mgonjwa wa aina hii. Hubana damu inayokwenda kwenye figo, na figo zikishabanwa hushikilia chumvi zaidi na dawa za kutoa maji huacha kufanya kazi. Zinaweza kuziharibu figo zenyewe kwa siku chache. Aidha, huchubua tumbo na kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu ambaye tayari ana mishipa iliyovimba, na ambaye damu yake haigandi vizuri.

Watu wengi huogopa parasetamoli kwa sababu wamesikia kwamba inaharibu ini. Ni kweli kwamba ikimezwa kwa wingi huliharibu, tena vibaya sana. Lakini kwa kiasi kidogo ndiyo dawa ya maumivu ambayo madaktari humchagulia mgonjwa huyu: isizidi gramu 2 kwa siku nzima, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, vikiwa vimeachanishwa. Soma pia majina ya dawa za mafua na kikohozi, kwa maana nyingi zimechanganywa na parasetamoli, na mgonjwa huimeza mara mbili bila kujua.

Turudi kwenye chumvi. Mjomba alikatazwa chumvi, nasi tuliamini kwamba tumetii, kwa kuwa kibakuli cha chumvi kiliondolewa mezani. Kiasi kinachoruhusiwa kwa kawaida ni takriban gramu 5 za chumvi kwa siku, nayo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, lakini ndani ya kijiko hicho lazima ihesabiwe chumvi iliyomo tayari kwenye mkate, kwenye dagaa waliokaushwa kwa chumvi, kwenye samaki wa ng'onda, na kwenye vile vipande vya kuongeza ladha ya mchuzi. Kisha kuna magadi. Katika nyumba ile maharage hayakupikwa bila magadi, na mlenda vilevile. Kinachozuiwa hasa katika chumvi ni sodiamu, na magadi nayo ni sodiamu, ingawa ulimini hayana ladha ya chumvi. Hali kadhalika dawa za unga au za vidonge zinazotoa povu zikitiwa majini, zile za kiungulia na hata parasetamoli ya aina hiyo: povu lile hutokana na sodiamu, na vidonge 4 tu vya parasetamoli ya povu vinaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi cha siku nzima. Limau, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili vinaweza kuchukua nafasi ya ladha. Kile kinachouzwa kama chumvi mbadala kisitumiwe bila kumuuliza daktari, kwa kuwa mara nyingi ni potasiamu, na spironolaktoni huifanya potasiamu ibaki mwilini. Ikizidi huutatiza moyo.

Niseme na jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa nia njema. Zikiona maji tumboni, humnyima mgonjwa maji ya kunywa. Na zikisikia neno ini, humnyima nyama, mayai na maharage. Kwa wagonjwa walio wengi maji ya kunywa hayazuiwi, isipokuwa daktari akisema hivyo baada ya kupima damu. Na chakula cha kujenga mwili mgonjwa huyu anakihitaji kuliko mtu mzima wa afya, kwa kuwa misuli yake inaliwa. Mkaza mjomba alimnyima mayai kwa wiki mbili. Baadaye mtaalamu wa lishe alimwambia ampe, tena aongeze mlo mdogo kabla ya kulala, uji wa lishe au ndizi na maziwa, ili mwili usikae na njaa usiku kucha ukajitafuna wenyewe.

Dawa za kutoa maji nazo zina kipimo chao cha kutazama. Mgonjwa asiyevimba miguu asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Aliyevimba miguu anaweza kupungua hadi kilo moja. Akipungua kwa kasi kuliko hapo, akawa na kizunguzungu akisimama, misuli ikamkaza, mkojo ukawa haba, au akiharisha na kutapika, apelekwe hospitali siku hiyo, kwa sababu dawa ileile iliyomfaa jana inaweza kuzikausha figo zake leo. Kuongeza kidonge nyumbani kwa kuwa tumbo halipungui haraka ni kosa ambalo nimelisikia mara nyingi.

Sasa nifungue ukurasa wa siku ya kumi na tano. Umeandikwa: "Choo cheusi. Ni vidonge vya damu." Mjomba alikuwa amepewa pia vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, na ni kweli kwamba vidonge hivyo hugeuza rangi ya choo. Lakini choo cha vidonge vya chuma huwa cheusi chenye kijani kwa mbali, kigumu au cha kawaida, na harufu yake ni ileile. Choo chenye damu iliyomeng'enywa hufanana na lami ya barabarani: kinang'aa, kinanata, na kina harufu kali ya pekee ambayo mtu aliyeinusa mara moja haisahau. Mwenye shaka asijipe jibu mwenyewe, akapimwe.

Hapa pana ugumu ambao vitabu vya hospitali havitaji. Mjomba alitumia choo cha shimo. Nani angeona? Yeye mwenyewe aliona kwa bahati, kwenye maji ya kujisafishia, na akasema jambo hilo kana kwamba ni mzaha. Kwa mgonjwa ambaye ameambiwa ana mishipa iliyovimba kwenye umio, nyumba yenye choo cha shimo impatie beseni au ndoo ya kujisaidia kila anapojisikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio au uchovu usio wa kawaida, na mtu aangalie kwa tochi. Siku nyingine inatosha kujifuta kwa karatasi nyeupe na kuitazama. Mzee anaweza kuona haya kuonyesha choo kwa mkewe au kwa mwanawe. Basi achaguliwe mtu mmoja ambaye hamwonei haya, nalo liwe jukumu lake.

Usiku wa siku ya kumi na sita, kama saa nane, mjomba aliamka akasema anasikia kichefuchefu, akatapika damu. Mkaza mjomba aliandika baadaye: "Nusu beseni." Damu ilikuwa nyekundu, na nyingine ilikuwa mabonge. Damu ya aina hii haitanguliwi na maumivu. Ndiyo maana huwashtua watu: mtu alikuwa ameketi akizungumza, mara beseni limejaa.

Alichofanya mkaza mjomba usiku ule ni karibu yote yaliyo sahihi. Alimlaza kwa ubavu, si chali, ili asipaliwe. Hakumpa maziwa, hakumpa maji ya chumvi, hakumpa chochote, ingawa jirani aliyeingia mbio alikuja na kikombe mkononi. Hakusubiri damu ikome. Mara nyingine damu hukoma yenyewe kwa muda, watu wakapumua na kusema tutakwenda asubuhi. Kisha hurudi kabla ya asubuhi. Alipiga simu kwa dereva wa teksi aliyemjua, akawaamsha vijana wawili waende nao, kwa kuwa mara nyingi hospitali huwaomba ndugu wachangie damu. Alichukua mfuko wenye dawa zote, pamoja na bahasha ya diklofenaki. Bahasha ile ndiyo iliyomfanya daktari aulize swali la goti.

Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilikwisha kutendeka: siku nzima ya choo cheusi ilikuwa imepita.

Nieleze kwa ufupi yanayofanyika hospitalini, kwa sababu ndugu wasioyajua hugombana na wahudumu. Mgonjwa huwekewa dripu na hupimwa wingi wa damu. Huongezewa damu, lakini kwa kiasi. Mjomba aliongezewa chupa mbili, na sisi tulilalamika kwamba ni chache kwa mtu aliyetapika nusu beseni. Daktari alitueleza kwamba wanalenga wingi wa damu ufike kati ya 7 na 8 tu, si zaidi, kwa maana ukiijaza mishipa ile hadi juu presha hupanda na kilichoziba hufumuka tena. Huchomwa sindano ya kupunguza presha katika mishipa ya tumboni, pale inapopatikana. Huchomwa pia dawa ya kuua bakteria hata kama hana homa, kwa sababu wagonjwa wa ini wakitoka damu hushambuliwa upesi na maambukizi, na dawa hiyo imethibitika kuokoa maisha. Kisha, ndani ya saa 12 hivi ikiwezekana, huingizwa mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, na mshipa uliopasuka hufungwa kwa kipete kidogo cha mpira. Si hospitali zote zenye kifaa hicho. Mjomba ilimbidi apelekwe hospitali ya rufaa asubuhi ile. Familia inayouguza mgonjwa wa ini inafaa iulize mapema, siku ya kliniki, kifaa hicho kiko wapi na hufanya kazi siku zipi, isije ikauliza saa nane ya usiku.

Ufungaji huo haumalizwi kwa mara moja. Hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa ile inyauke, kisha mgonjwa huchunguzwa tena baadaye. Mjomba alifungwa mara tatu. Nauli ya mara ya tatu tuliichangishana kwa shida, na kulikuwa na aliyesema kwamba amepona, basi kuna haja gani. Wanaotoka damu mara moja bila kufuatiliwa wengi wao hutoka tena. Propranololi nayo isikatishwe ghafla kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri, lakini akiwa anatapika damu, au presha ya mkononi ikishuka hadi namba ya juu ipungue chini ya 90, au akizimia, asipewe dozi inayofuata mpaka daktari aseme.

Ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa wataniambia kwamba kwao wapo wanaotapika damu ambao hawakunywa pombe wala hawana virusi vya ini. Ni kweli. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kuoga na kuvua katika maji yenye konokono, huweka makovu kuzunguka mishipa ya ini na kuleta presha ileile, hata kama ini lenyewe bado lina nguvu. Choo cheusi cha mvuvi wa Ukerewe kina uzito uleule wa choo cheusi cha mjomba wangu.

Siku ya tatu baada ya kutoka damu lilitokea jambo ambalo wengi wa ndugu hawakulielewa. Mjomba alianza kulala mchana na kukesha usiku. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mikono ilitetemeka akiinyoosha, kama mtu anayepunga kwaheri. Mmoja wetu alinong'ona kwamba amerogwa. Mwingine alidhani kuna mtu aliyemletea konyagi wodini. Jibu lilikuwa tumboni. Damu iliyobaki matumboni ilimeng'enywa kama nyama, ikatoa sumu ambayo ini zima lingeisafisha, lakini ini lake halikuweza, na sumu ikapanda kwenye ubongo. Jambo hilohilo huweza kuletwa na kufunga choo, maambukizi, kukaushwa maji kupita kiasi na dawa za kutoa maji, au kidonge cha usingizi. Ndiyo maana mgonjwa huyu asinunuliwe diazepamu hata akikesha siku tatu. Kukesha kwenyewe ndiyo dalili.

Alipewa laktulosi, dawa tamu ya maji. Mkaza mjomba alishangaa kwamba mtu anapewa dawa ya kuharisha kwa sababu amechanganyikiwa. Lengo si kuharisha: lengo ni choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Ikipungua hapo kiasi huongezwa, ikizidi hupunguzwa, kwa maelekezo aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Kuanzia hapo daftari lina safu mpya ambayo naipenda kuliko zote. Kila asubuhi mjomba aliandika jina lake mwenyewe kando ya uzito. Ukipitisha macho chini ya safu hiyo utaona jina limeandikwa vizuri, tena vizuri, kisha siku moja herufi zimeyumba na moja imerukwa. Siku hiyo alionekana mzima na alisalimia watu wote. Jioni alikuwa amekwisha kuchanganyikiwa. Lakini mkaza mjomba alikuwa amekwisha kuona asubuhi, akauliza kuhusu choo, akaambiwa hakijapatikana kwa siku mbili.

Limebaki jambo moja juu ya maji ya tumboni, nalo ni maambukizi. Maji yale yanaweza kuingiwa na bakteria bila kidonda na bila sindano, wakipenya tu kutoka kwenye matumbo. Pengine mgonjwa hupata homa na tumbo linamuuma likiguswa. Pengine hapati chochote isipokuwa kuzubaa, kutapika kidogo, au mkojo kupungua. Njia ya kujua ni moja: kuchota maji kidogo kwa sindano na kuyapima. Hapo ndipo familia nyingi hukataa, kwa kuwa wameona mtu aliyetolewa maji akafa baada ya wiki. Nami nimeulizwa hivyo hata na watu wa ofisini kwetu. Wanaofikia kujaa maji kiasi cha kutolewa kwa sindano huwa wamekwisha kuugua sana, na baadhi hufa. Sindano imewakuta katika hali hiyo, haikuileta. Kutoka damu nyingi kwa sababu ya sindano hiyo hutokea kwa nadra. Yakitolewa zaidi ya lita 5 kwa mara moja, mgonjwa anafaa apewe dripu ya albumini ili presha yake isianguke, na ndugu wana haki ya kuuliza kama ipo. Kukataa sindano ya kupima, ilhali mgonjwa ana homa, ni hatari zaidi mara nyingi.

Mjomba aliishi miaka miwili na miezi kadhaa baada ya usiku ule. Alitumia dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini aina ya B kila siku, hakunywa pombe tena, na watoto wake wote walipimwa. Mmoja alikutwa na virusi na anafuatiliwa, wengine wakachanjwa. Alifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi. Nasema hivi ili asiwepo anayedhani kwamba daftari hufuta makovu ya ini. Vilevile, mtu akiwaletea chupa iliyoandikwa kwamba husafisha ini na kuondoa maji kwa siku saba, mwulizeni imesajiliwa wapi na ndani yake mna nini. Na hata akijibu vyema, aonyeshwe daktari kwanza, kwa kuwa ini hilo halina nafasi ya kujaribiwa.

Kuna bibi ameniuliza kabla hatujaanza: usiku wa namna ile, akifika mapokezi na kukuta foleni, aseme nini ili asiambiwe akae asubiri? Bibi, swali hilo ni zuri, na mkaza mjomba alikuwa na jibu lake. Nyuma ya jalada la daftari alibandika karatasi yenye maneno haya: "Huyu ana ini lenye makovu na mishipa iliyovimba kwenye umio. Ametapika damu saa fulani, kiasi cha beseni fulani. Choo ni cheusi tangu siku fulani. Dawa zake zote ni hizi, na dozi ya mwisho ya propranololi amemeza saa fulani. Jana uzito ulikuwa kilo kadhaa." Nafasi zilizo wazi alizijaza kwa penseli ndani ya teksi. Alimkabidhi muuguzi wa zamu daftari likiwa limefunguliwa ukurasa huo, na mjomba hakuketi kwenye benchi.